Kuandika mafunzo ya mashine kwa lugha ya sakafu ya kiwanda: mfano wa kusafisha mashine ya kufungashia unga

Chukua sentensi hii, ambayo ni aina inayopatikana kwenye maandishi mengi ya mafunzo:

"Kabla ya kuingilia eneo la hatari, opareta atahakikisha utenganisho wa vyanzo vya nishati umefanyika, nishati baki imeondolewa na hali ya nishati sifuri imethibitishwa."

Ni Kiswahili kitupu. Hata hivyo kijana aliyeanza kazi Jumatatu akiisikia hatajua mkono wake uende wapi. Hapo ndipo wengi tunapokosea tunapoambiwa tuondoe istilahi ngumu: tunawinda maneno ya kigeni na kuweka ya kamusi mahali pake. Kibarua hasumbuliwi na "mota", "valvu" wala "kompresa", kwa sababu ameyasikia gereji na mtaani. Kinachomshinda ni "nishati baki". Kwa hiyo swali la kujiuliza kwa kila neno ni kama msikilizaji anaweza kulinyooshea kidole au kulifanya kwa mikono. Limetoka lugha gani si hoja.

Tufanye kazi na mashine moja: ile inayopima unga, kuujaza kwenye mfuko wa kilo 2 na kuuziba mfuko kwa taya za moto. Ina skrubu kubwa inayosukuma unga kutoka kwenye hopa, na mota inayoizungusha. Ina taya mbili zinazobana mfuko kwa nguvu ya upepo wa kompresa, tuseme presha ya bar 6, na taya hizo zimewekwa nyuzi 150 za Selsiasi. Ina pia kabati la umeme lenye skrini. Mfanyakazi mpya atafundishwa kuondoa unga ulioganda kwenye skrubu na plastiki iliyong'ang'ania taya.

Kwanza fumua ile sentensi ngumu. "Vyanzo vya nishati" ni jina moja linaloficha vitu vinne vinavyoweza kumuumiza mtu: umeme unaozungusha skrubu, upepo unaobana taya, moto wa taya zenyewe, na chaji inayobaki ndani ya kifaa kinachoendesha mota hata umeme ukishakatwa. Mwandishi asiyeijua mashine ataandika "zima mashine" na kuona amerahisisha. Amerahisisha kweli, lakini vitu vitatu kati ya vinne amevitupa, na hicho kimoja kilichobaki amekiacha nusu.

Maana "zima mashine" kwa opareta ni kubonyeza kitufe cha kusimamisha. Skrubu itatulia, ila kabati bado lina umeme, na mwenzake aliye upande wa pili akibonyeza kitufe cha kijani, skrubu itazunguka na vidole vikiwa ndani. Kitufe chekundu cha dharura nacho si dawa. Kwenye mashine nyingi kinakata amri tu: umeme mkubwa unabaki ukifika kwenye kabati, na upepo unaweza kubaki kwenye silinda. Mtu yeyote akikizungusha kikaruka juu, mashine iko tayari kuwashwa. Basi badala ya kitenzi kimoja kinachomaanisha mambo matatu, taja kifaa, kilipo, kinavyosogezwa na kinavyoonekana kikishasogezwa: "Zungusha swichi kubwa nyekundu ubavuni mwa kabati kutoka 1 hadi 0. Mpini utalala."

Kiswahili chetu kina mitego yake hapa, na mkubwa kuliko yote ni kitenzi "funga". Valvu inafungwa, kufuli linafungwa, na kwa fundi, kufunga mashine ni kuisimika mahali pake na bolti zake. "Fungua" nayo ni kutoa kifuniko, kulegeza nati, au kuruhusu maji yapite. Ukiandika "funga mashine kabla ya kusafisha", watu watatu watafanya mambo matatu. Andika "weka kufuli kwenye swichi", "zungusha valvu", "simamisha skrubu", kila kitendo na neno lake, kisha usilibadilishe neno hilo hadi mwisho. Shuleni tulifundishwa kutorudia maneno ili insha ipendeze, lakini kwenye mafunzo ya mashine swichi ikiitwa "swichi kubwa" mstari wa pili na "kikata umeme" mstari wa tano, msikilizaji atatafuta vitu viwili.

Muda una mtego wake. "Acha taya zipoe saa moja" ni dakika 60, au ni hadi saa 1 asubuhi, zamu inapobadilishana? Andika dakika. Afadhali zaidi, usitumie muda ikiwa kuna kipimo, kwa sababu taya hupoa haraka au polepole kutegemea hali ya chumba.

Hapo kwenye joto ndipo urahisishaji unapoweza kuvunja usahihi bila mtu kugundua. Ukipanga hatua kwa kufuata hatari iliyo kubwa zaidi, utaandika "kata umeme" kwanza kisha "subiri hadi skrini ionyeshe chini ya 40". Maneno ni mepesi, kila mtu anaelewa, na haiwezekani: umeme ukishakatwa, skrini imekufa. Mfanyakazi atafanya moja kati ya mawili, ama arudishe umeme ili asome, ama aguse kwa kidole. Mpangilio sahihi ni kuzima hita kwenye skrini, kungoja namba ishuke, ndipo swichi kubwa izungushwe. Kosa la namna hii halionekani ukiwa mezani. Linaonekana ukisimama mbele ya mashine na karatasi mkononi, ukifanya kila mstari kama ulivyoandikwa.

Upepo nao unahitaji vitenzi viwili, si kimoja. Kuzuia upepo mpya usiingie ni jambo moja, na kutoa ule uliokwisha kuingia ni jambo jingine. Valvu ya kawaida ya mpini huzuia tu. Presha ya bar 6 inabaki kwenye mipira na silinda, na taya zinaweza kubana ghafla. Ipo aina nyingine ya valvu ambayo ukiizungusha inazuia na papo hapo inamwaga upepo wa upande wa mashine, na utausikia ukifoka. Muulize fundi ni ipi iliyofungwa kwako kabla hujaandika neno. Angalia pia geji ilipo. Ikiwa kabla ya valvu, upande wa kompresa, itaendelea kusoma 6 hata silinda zikiwa tupu, na maelekezo ya "ngoja geji ifike 0" yatamkalisha mtu hapo hadi jioni.

Ile chaji inayobaki kwenye kifaa cha mota itolewe kabisa kwenye mafunzo haya. Siyo kwamba si muhimu. Inaua. Lakini anayesafisha skrubu hana kazi ndani ya kabati, na kumweleza jinsi chaji inavyopungua ni kumwalika afungue mlango akaangalie. Kwake iandikwe hivi tu: "Mlango wa kabati la umeme haufunguliwi na wewe. Ni wa fundi umeme." Dakika za kungoja, ambazo kiwanda kilichotengeneza kifaa huziandika kwenye kibandiko chake, ziende kwenye karatasi ya fundi.

Neno "hakikisha" nalo nalishuku kila nilionapo. Mtu akiambiwa "hakikisha umeme umekatika" atatazama swichi na kuitikia kwa kichwa. Kuthibitisha kwa kweli ni kujaribu kuiwasha mashine baada ya kufuli kukaa: bonyeza kitufe cha kijani, na kisitokee kitu. Likitokea lolote, swichi uliyozungusha si ya mashine hii, au ndani imeharibika. Kila "hakikisha" ibadilishwe kuwa kitendo chenye jibu linaloonekana, pamoja na la kufanya jibu likiwa baya.

Baada ya hayo yote, kipande kinasomeka hivi:

"Mwambie opareta na mwenzako wa upande wa pili: nasafisha mashine hii. Bonyeza kitufe cha kusimamisha. Kwenye skrini gusa `HEATER OFF`. Ngoja namba ya joto ishuke chini ya 40. Zungusha swichi kubwa nyekundu hadi 0. Weka kufuli lako kwenye tundu la swichi, tundika kadi yenye jina lako, ufunguo utie mfukoni mwako. Zungusha valvu ya njano ya upepo. Utasikia upepo ukitoka. Ngoja geji iliyo juu ya taya isome 0, kisha weka kufuli lako la pili kwenye valvu. Bonyeza kitufe cha kijani. Kisipotokea kitu, anza kusafisha. Kitu chochote kikisogea au kuwaka, usiguse mashine, mwite supavaiza. Mkiwa wawili, kila mmoja anaweka makufuli yake mwenyewe. Hatua hizi zote hapa kiwandani zinaitwa loto."

Ni ndefu mara kadhaa kuliko ile sentensi ya mwanzo, na ni sawa. Maandishi ya skrini nimeyaacha yalivyo, kwa kuwa jicho litayatafuta herufi kwa herufi. Ukiandika "gusa kizima joto", hakuna kitufe cha jina hilo. Na "loto" imebaki kwa sababu supavaiza ataitamka kila siku. Imewekwa mwisho ili iwe jina la kitu ambacho mtu amekwisha kukijua.

Majaribio ni mawili. La kwanza: msomee mtu ambaye hajawahi kugusa mashine hiyo, hatua moja moja, naye aifanye huku fundi amesimama pembeni. Usimuulize kama ameelewa, atajibu ndiyo kwa adabu. Tazama mkono unasita wapi, na mstari huo ndio wa kuandika upya. Watatu wakisita mahali pamoja, huenda tatizo si maneno bali valvu mbili za njano zinazofanana, na dawa yake ni rangi au kibao.

La pili ni la usahihi. Mpe fundi maandishi mapya bila ya zamani, aorodheshe kwa lugha yake ya kiufundi kila hatari inayodhibitiwa. Kisha linganisha na maandishi ya asili. Asipoiorodhesha "nishati ya hewa iliyobanwa" na ya zamani yanayo, umeidondosha njiani. Kuhusu chaji ya kabati, atakuwa amekuta katazo la kufungua mlango tu. Hapo hakikini pamoja kama karatasi ya fundi inayo.

Kiwanda chenye matawi Thika na Dar es Salaam kisitumie nakala moja bila kupitia maneno. Anayesema "stima" atafahamu "umeme", lakini majina ya vifaa vidogo na vyeo vya watu hutofautiana hata kati ya zamu mbili za kiwanda kimoja. Na fundi akibadilisha valvu, iliyokuwa inamwaga upepo ikawekwa ya kuzuia tu, mstari wa "utasikia upepo ukitoka" umegeuka uongo siku hiyohiyo, kwa hiyo karatasi ya mafunzo itundikwe kwenye fomu ileile anayosaini akimaliza matengenezo.