Damu yangu imetoka nyeupe kama maziwa, nami nina mimba ya miezi sita

*Shikamoo Shangazi. Naishi Ujiji, nina miaka 31, mimba ya pili, wiki ya 27. Nilipimwa damu nikiwa sijala tangu jana yake, fundi wa maabara akashangaa: juu ya kichupa kulikuwa na utando mweupe kama maziwa. Trigliseridi imesoma 1,310. Daktari akaniambia nipunguze mafuta na ninywe mafuta ya samaki, nirudi baada ya wiki mbili. Mama mkwe anasema mawese ni damu ya mjamzito, nisiyaache. Mimba ya kwanza sikupimwa, nilijifungua salama. Naomba uniambie nile nini, ninywe mafuta gani, na kongosho nililotajiwa ni kitu gani. Mama Z.*

Marahaba, mwanangu. Kabla sijaanza safu hii nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na damu ya namna hiyo nimeiona kwa macho yangu, kwa hiyo tuongee taratibu.

Ule weupe ni mafuta yenyewe yakielea, ndiyo hayo yanayoitwa trigliseridi. Kila mjamzito hupanda trigliseridi, kwa sababu homoni za mimba huliamsha ini litengeneze mafuta mengi zaidi, na wakati huohuo kimeng'enya kinachoyaondoa kwenye damu hupungua nguvu. Kwa wanawake wengi hupanda mara mbili hadi nne kuelekea miezi ya mwisho, na mara nyingi hawafiki hata 400. Wewe umefika 1,310 huku miezi mitatu ya kupanda ikiwa bado mbele. Mtu wa namna hii kwa kawaida alikuwa na udhaifu wa kurithi tangu zamani, mimba ikauweka wazi. Ukikuta maabara nyingine imeandika 14.8 usidhani umepona. Hiyo ni 1,310 ileile kwa kipimo cha milimoli. Daktari apime pia sukari na tezi ya shingo, maana kisukari au tezi iliyolala huweza kuwa ndiyo inayoyasukuma mafuta hayo juu.

Mstari wa kukumbuka ni 1,000. Juu ya hapo kongosho, lile tezi lililolala nyuma ya tumbo la chakula, linaweza kuwaka ghafla na kuanza kujisaga lenyewe. Si kila mwenye namba hiyo hupatwa, lakini likimpata mjamzito huhatarisha roho mbili. Lengo letu ni kushuka chini ya 1,000 haraka, kisha tuelekee 500.

Sasa jiko. Wengi watakwambia acha mafuta mabaya, kula mafuta mazuri. Kwa namba yako ushauri huo haufai. Mafuta yoyote unayokula, yawe mawese, alizeti, nazi, karanga au parachichi, utumbo huyafunga katika matone makubwa yanayoingia kwenye damu, na matone hayo ndiyo yaliyoifanya iwe nyeupe. Mlango wa kuyatoa umeziba nusu, kwa hiyo dawa ni kupunguza yanayoingia. Nazi pia, hata kama shoga yako atakuapia kwamba mafuta yake hayana shida. Kipimo kinachotumika kwa hali yako ni takriban gramu 20 za mafuta kwa siku nzima, yaliyomo ndani ya chakula yakihesabiwa humo.

Tuihesabu siku moja ya kawaida ya Kigoma. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni karibu gramu 14. Chapati mbili za asubuhi huweza kubeba gramu 15 au zaidi, glasi ya maziwa mazima kama 8. Mchana dagaa waliokaangwa, na katika sahani yako pekee vimeingia vijiko viwili vya mawese, hiyo 28. Umeshafika 50 na jioni haijaingia. Konzi moja ya karanga ya saa kumi inaongeza 14. Unaona kwamba kuacha nyama ya mafuta peke yake kusingekutoa hapo.

Badili hivi. Asubuhi viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, na maziwa yaliyoondolewa mafuta, au chai ya rangi isiyo na sukari. Mchana ugali, maharage yaliyochemka na nyanya na vitunguu, na mchicha au kisamvu bila karanga. Weka kijiko kimoja cha chai cha mafuta, kilichopimwa kwa kijiko kweli, si kumiminwa kutoka kwenye chupa. Jioni mgebuka wa kuchemsha na limau na pilipili, umetolewa ngozi, kipande cha kiganja, na wali wa maji. Ukitaka dagaa, waoshe, uwachemshe chukuchuku. Vijiko viwili vya chai kwa siku ni kama gramu 9, zinazobaki ni za samaki na nafaka. Usishuke hadi sifuri, kwa sababu mtoto anajenga ubongo na macho kwa baadhi ya mafuta hayohayo, na vitamini A, D, E na K hazipiti bila mafuta kidogo.

Wala usijinyime chakula. Mjamzito akishinda njaa, mwili wake wenyewe hufungua ghala la mafuta na kuyamwaga kwenye damu. Kula kidogo mara tano, uangalie uzito kliniki kila mwezi. Kama Ramadhani itakukuta na mimba hii, usifunge, na daktari atakuambia hivyohivyo. Kitu cha pili baada ya mafuta ni sukari: soda, juisi, vijiko vitatu vya sukari ndani ya chai. Ini hugeuza ziada yake kuwa trigliseridi. Kwa soda siwezi kukupa nafasi hata ya chupa moja ya Ijumaa.

Mama mkwe umpe heshima yake, kwa sababu hajadanganya. Mawese mekundu yana kile kinachogeuka kuwa vitamini A, na kizazi chao kililelewa nayo. Mwambie: "Mama, daktari kaniona damu imejaa mafuta, mpaka nijifungue nitakula karoti na viazi lishe kwa ajili ya wekundu huohuo." Kisha mwombe akupikie chungu chako kabla hajatia mawese kwenye cha wengine. Mkwe aliyepewa kazi hulinda chungu hicho kuliko wewe.

Kuhusu mafuta ya samaki, hapa ndipo watu hukosea dukani. Kinachotakiwa ni omega-3, na humo ndani hasa viwili vinavyoandikwa EPA na DHA. Kiwango cha kushusha trigliseridi ni gramu 3 hadi 4 za hivyo viwili kwa siku, si gramu 3 za mafuta. Kidonge cha kawaida kinachojitangaza "1,000 mg" mara nyingi kina EPA na DHA 300 tu. Ili ufike gramu 3 utameza kumi, na hapo umekula gramu 10 za mafuta, nusu ya posho yako ya siku. Geuza kichupa, soma nyuma, jumlisha EPA na DHA. Tafuta kilichokolezwa, chenye 600 au zaidi kwa kidonge, daktari akuandikie idadi, na ukimeze pamoja na chakula ili usicheue.

Usinunue mafuta ya ini la chewa. Jina linafanana na bei ni nafuu, lakini ini hilo limejaa vitamini A iliyo tayari, na kikomo cha mjamzito ni mikrogramu 3,000 kwa siku. Vijiko vitatu vinne vya chai, unavyohitaji ili upate omega ya kutosha, vinaweza kuvuka kikomo hicho, na vitamini A iliyozidi humdhuru mtoto. Mgebuka na dagaa ni chakula kizuri, ila hawatakupa gramu 3 kila siku bila kukuletea mafuta mengine.

Usiitegemee omega peke yake. Ikifanya kazi vizuri hushusha robo hadi theluthi, tena kwa wiki kadhaa. Robo ya 1,310 ikiondoka unabaki karibu 980, bado ukingoni. Chakula ndicho kinachoweza kushusha namba ndani ya siku chache, kwa hiyo wiki mbili hizo anza leo jioni. Ukirudi na namba haijatikisika ilhali umeshika vijiko vyako, usilaumiwe wala usijilaumu. Muulize daktari kama wakati umefika wa fenofibreti, dawa ya kushusha mafuta hayo, ambayo katika miezi yako huweza kutumika akipima faida na hatari, au wa kulazwa uangaliwe karibu.

Sasa maumivu, nisomee hapa mara mbili. Miaka ile tulimpokea mama wa wiki ya 30 aliyekuwa ametibiwa vidonda vya tumbo siku mbili mahali pengine. Alikaa kitandani amekunja mwili mbele, amekumbatia mto, hataki kulala chali. Aliyeokoa siku ni kijana wa maabara aliyeshuka mbio na kichupa cheupe mkononi. Mama alipona, mtoto alizaliwa kabla ya wakati na akakua.

Kiungulia huchoma na kupanda kooni. Uchungu wa uzazi huja na kuondoka, chini ya kitovu. Kongosho huuma juu ya kitovu, chini ya mbavu, bila kupumzika, likapenya hadi mgongoni. Unatapika na hupati nafuu, ukiinama mbele unapata kidogo. Likikukuta, hata saa nane usiku, usile, usimeze diklofenaki, panda chombo uende Maweni au hospitali yenye maabara na chumba cha upasuaji, si duka la dawa. Maumivu ya hapo juu yanaweza pia kuwa dalili ya kifafa cha mimba, kwa hiyo kwa vyovyote safari haitapotea.

Ukifika, sema kabla ya salamu: "Trigliseridi yangu ilikuwa 1,310." Omba wapime lipesi, kipimo cha damu cha kongosho. Amilesi, kipimo kingine cha kongosho, peke yake inaweza kusoma kawaida kwa sababu weupe wa damu huvuruga kipimo, na ukarudishwa nyumbani na dawa ya vidonda. Hospitalini watakuzuia kula, watakupa maji ya mshipa na dawa ya maumivu, na huenda insulini ya mshipa pamoja na glukosi, ambayo hukiamsha kile kimeng'enya kilicholegea. Ikizidi, watakupeleka rufaa Bugando, Mwanza. Kwa hiyo mwambie baba Z leo aweke akiba ya nauli na namba ya dereva mmoja anayepokea simu usiku.

Ukijifungua namba hushuka yenyewe ndani ya wiki chache, na kunyonyesha husaidia. Ila kwenye uzazi wa mpango kataa vidonge vyenye estrojeni, chagua kitanzi au kijiti. Na kabla ya mimba ya tatu, pima kwanza.

Andika 1,310 kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kadi yako ya kliniki, na tarehe yake pembeni. Kipimo kijacho kikitoka, niandikie.