Tairi Lipi Livuke, Lipi Linyooke: Kuhamisha Matairi ya Gari Dogo

Nilipofikisha kilomita 20,000 na seti ya kwanza ya matairi mapya ya IST yangu, nilipima kashata, yaani mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara, uani kwangu hapa Chumbageni, Tanga. Matairi yalikuwa yameanza na milimita 8. Ya nyuma yalikuwa yamebaki na 6, na ya mbele 3 tu. IST yangu inavuta kwa mbele, kwa hiyo magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Kwa mwendo ule, kilomita 5,600 zaidi zingeyafikisha kwenye milimita 1.6, yaani kipara, ilhali ya nyuma bado yana maisha. Kama ningeyahamisha katikati, kwenye kilomita 10,000, yote manne yangekuwa na takribani milimita 4 na nusu.

Kanuni niliyokuja kuielewa baadaye ni moja, nayo inatosha kwa magari mengi: matairi ya ekseli inayovuta huhamishwa moja kwa moja bila kubadili upande, na yale ya ekseli isiyovuta ndiyo yanayovuka upande. Katika gari linalovuta kwa mbele, basi, matairi ya mbele yanarudi nyuma upande uleule, na ya nyuma yanakwenda mbele kwa kupishana, la upande wa abiria likienda kwa dereva na la dereva likienda kwa abiria.

Mwenye jeki moja anaweza kuifanya kazi hii nyumbani kwa kutumia tairi la spea kama mgeni wa muda. Gari likiwa mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa na magurudumu yamewekewa vigingi, ninalegeza nati kidogo kabla ya kuinua, kisha ninafunga spea mbele upande wa abiria. Tairi nililolitoa hapo linakwenda nyuma upande uleule wa abiria. Lililotoka nyuma linavuka kwenda mbele kwa dereva. La mbele kwa dereva linarudi nyuma yake. Na la nyuma kwa dereva linakuja kuchukua nafasi ya spea. Jeki inapanda mara tano, na hakuna wakati gari linaposimama bila gurudumu kwenye pembe mbili.

Shemeji yangu ana Hiace inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwake mzunguko ni uleule ukirudishwa kinyumenyume: ya nyuma yanakwenda mbele moja kwa moja, ya mbele yanavuka kwenda nyuma. Gari linalovuta magurudumu yote nalo kwa kawaida hufuata mpango huo wa Hiace, au yote manne yanapishana, kama kitabu chake kinavyoelekeza.

Hata hivyo, kwenye gari la aina hiyo ya mwisho muda ni muhimu zaidi kuliko mpango. Tuchukue tairi la 215/60R16, ambalo mzunguko wake ni kama mita 2.09. Likilika milimita 3 zaidi kuliko mwenzake, linazunguka takribani mara nne zaidi katika kila kilomita, na tofauti hiyo inamezwa na mtambo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ambao hupata joto na kuchakaa pasipo dereva kusikia lolote. Ndiyo maana mwenye gari hilo namshauri ahamishe kila kilomita 5,000, pamoja na kubadilisha oili. Kwa mengine, kilomita 8,000 hadi 10,000 zinatosha, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vinginevyo.

Kabla ya kuhamisha, pitisha kiganja juu ya kashata kwenda na kurudi. Ukihisi meno kama ya msumeno kiganja kikienda mwelekeo mmoja tu, tairi limekaa mahali pamoja muda mrefu, na likienda mbele litanguruma kwa muda. Ukikuta ukingo wa ndani umeisha peke yake, peleka gari kwenye alaimenti kwanza, la sivyo utakuwa unagawa ugonjwa kwa matairi mengine.

Kuna matairi yenye mshale ubavuni, nayo hayavuki upande kamwe. Ni mbele na nyuma tu. Mimi niliwahi kuvushiwa na fundi mmoja, nikagundua wakati wa masika barabara ya Muheza, gari likianza kuteleza juu ya maji, kwa kuwa mifereji ya kashata ilikuwa ikiyavuta maji ndani badala ya kuyasukuma nje.

Ukimaliza, rekebisha upepo kulingana na kibandiko cha mlangoni, kwani mbele na nyuma huenda vikatofautiana, na ukaze nati kwa kupishana kama unachora nyota. Zikaguliwe tena baada ya kilomita 80 hadi 100. Mimi hufanya hivyo nikifika Korogwe, kabla sijaagiza chai.