Dambeli za kilo 8 na kifua kisichoongezeka: angalia unavyoshusha

"Wakuu, nipo Tanga, nina dambeli mbili za kilo 8 na hela ya jimu sina. Nalala sakafuni napiga 40 fasta, lakini kifua hakiongezeki. Ninunue nzito au kuna namna?"

Mkuu, usinunue kwanza. Niko Makorora, na dambeli zangu za mwanzo nilizitengeneza mwenyewe kwa saruji kwenye makopo ya rangi, bomba likiwa katikati, nikaenda kuzipima kwenye mizani ya muuza nafaka. Zilikuja kilo 8 na kidogo kila moja. Nilikaa nazo zaidi ya mwaka, na miezi ya mwanzo nilifanya kama unavyofanya wewe.

Anza na hiyo sakafu. Ukilala chini, kiwiko kinagota kabla kifua hakijavutika, na hapo kwenye kuvutika ndipo msuli unapopata kazi yake nzuri. Mimi nilitafuta benchi la mbao jembamba, la upana wa mgongo tu, ili viwiko vipite pembeni na kushuka chini kidogo ya usawa wa mwili. Ukikosa benchi, piga pushapu viganja vikiwa juu ya matofali mawili mawili, kifua kiingie katikati yake. Viwiko visitanuke kama msalaba, vielekee kiunoni kidogo. Ukihisi kitu kinachoma mbele ya bega, hapo umepitiliza, rudi juu sentimita chache na huo ndio mwisho wako wa kushuka.

Sasa kushusha. Ukiachia dambeli ishuke yenyewe, mvutano wa dunia umeshafanya nusu ya kazi, halafu ukifika chini unadundia kama mpira na mdundo huo unakusaidia kupanda. Ndiyo maana 40 hazikuchoshi. Hesabu moyoni "mia na moja, mia na mbili, mia na tatu" wakati wa kushuka, tulia chini kwa sekunde moja bila kulegea, kisha sukuma kwa nguvu ya kawaida. Siku niliyoanza hivyo, kutoka 35 za haraka nilifika 14 nikashindwa. Nikapumzika dakika mbili, nikapata 11, kisha 9. Hizo seti tatu, mara mbili kwa wiki, zilinitosha.

Naomba unielewe hapa, maana wengi wanapotea. Upole peke yake haujengi. Msuli una nguvu zaidi wakati wa kushusha kuliko wa kunyanyua, kwa hiyo kilo 8 wakati wa kushuka bado ni nyepesi. Kinachojenga ni kufika karibu na kushindwa, pale ambapo zimebaki moja au mbili tu mwilini. Upole na kina vinakufikisha hapo kwa uzito mdogo na bila kudanganya. Nilijaribu kushuka kwa sekunde kumi, nikaishia na mara 5, mikono inawaka na pumzi imekata, ila kifua hakijafanya cha maana. Tatu au nne zinatosha.

Utakapodanganya ni mwishoni mwa seti. Egemeza simu pembeni ujirekodi. Mimi nilikuta zile nne za mwisho nashuka kwa sekunde moja, na viwiko vinaishia juu ya benchi. Nikaamua kuwa isiyofika chini haihesabiki, na siku hiyo 14 zangu zikawa 10.

Wiki ya kwanza nenda seti mbili tu, na usifike kushindwa. Kushusha taratibu kunaacha maumivu kuliko kunyanyua, na yanakuja siku ya pili, si siku ile ile. Mimi niliingia na seti sita kwa pupa, kesho kutwa yake nikashindwa kuvua fulana. Ukirudia zoezi lile lile wiki inayofuata, maumivu yanapungua sana, mwili unazoea. Lakini mkojo ukigeuka rangi ya kahawia kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, msuli umeumia kupita kiasi.

Nilichukua kama miezi miwili kutoka hizo 10 hadi 23 kwa mwendo ule ule na kina kile kile, na shati za zamani zikaanza kunibana kifuani. Ukipita 25 hivi, hapo nunua au ongeza saruji, usiongeze upole.

Miguu ni habari nyingine, kilo 8 haiitishi. Huko natumia ujanja wa kupanda kwa miguu miwili na kushuka kwa mmoja: simama mbele ya kigoda, inua mguu mmoja, shuka kwa sekunde nne mpaka ukae, kisha inuka kwa yote miwili. Nane kila mguu, na ukijikuta unaanguka kwenye kigoda badala ya kukaa, weka tofali juu yake kwanza.