Umekosa mkutano na watu wa nje: radhi ya kilo ngapi?

*Shikamoo mwalimu. Nilikuwa na kikao cha video na wanunuzi wetu wa Tokyo, nikasahau kabisa. Nilipofungua simu nikakuta ujumbe mmoja tu: “Tulikusubiri, tunatumaini u mzima.” Nikajibu, “Samahani kwa usumbufu, tupange siku nyingine.” Leo siku ya pili wamenyamaza. Nimekosea wapi?* – Mwenye Aibu

Marahaba. Umekosea uzito. “Samahani kwa usumbufu” ni maneno ya mtu aliyemkanyaga mwenzake kwenye foleni, na wewe umewaacha watu wakitazama kioo kitupu.

Wajapani wenyewe wana ngazi. *Sumimasen* ni nyepesi kiasi kwamba hutumika hata kumwita mhudumu wa mgahawa. *Gomen nasai* ni ya nyumbani na ya marafiki. Kwa kosa la kikazi kama lako neno ni *moshiwake gozaimasen*, na maana yake neno kwa neno ni “hakuna udhuru”. Radhi yenyewe inakiri kwamba huna la kujitetea nalo. Ndiyo maana maelezo marefu ya kwa nini hukufika yanawachukiza: wanayaita *iiwake*, visingizio, hata kama kila neno ni la kweli.

Kuna mtu mmoja umemsahau: yule aliyekutambulisha pale kazini kwao. Aliwaambia wakubwa zake kuwa wewe ni mtu wa kuaminika, kisha akakaa nao akiangalia saa. Kosa lako limemwangukia yeye kwanza. Na lile “tunatumaini u mzima” lilikuwa mlango amekufungulia, ili kama uliugua useme. Usiutumie kwa uongo, lakini elewa kwamba alikuwa bado anakutetea.

Sasa fanya hivi. Mpigie simu leo, yeye, kabla ya kuandika chochote. Barua pepe peke yake kwa kosa la aina hii inaonekana kama umejificha. Simu iwe fupi, kisha barua iingie saa hiyohiyo. Mimi ningeandika hivi:

“Juzi saa 4 asubuhi kwa saa za Tokyo nilipaswa kuwa kikaoni nanyi. Sikufika wala sikutoa taarifa. Sina udhuru, na naomba radhi kwa moyo wote. Mlitenga muda wenu mkanisubiri bila habari, na jibu langu la kwanza halikulingana na kosa hilo. Kwa hilo pia naomba radhi. Kikao nilikiandika kwenye daftari langu tu, nisikiweke kwenye kalenda ya ofisi. Kuanzia leo kila kikao na wageni kinaingia kwenye kalenda ya pamoja, na mwenzangu anakithibitisha siku moja kabla. Mkiniruhusu, nitaomba nafasi nyingine kwa siku itakayowafaa ninyi. Narudia kuomba radhi.”

Tazama mpangilio. Radhi imetangulia, sababu imepewa sentensi moja isiyojitetea, kisha kinga ya kosa lisirudi ikapewa nafasi kubwa kuliko sababu. Hiyo kinga wanaiita *saihatsu boshi*, na bila hiyo radhi yako ni hewa. Siku mpya umewaachia wao. Kosa la jibu lako la kwanza ni kwamba ulirukia “tupange siku nyingine” kana kwamba kosa limeshafungwa, na mwenye kulifunga si wewe.

Utajuaje imetosha? Wakijibu “usijali” na tarehe ikafuata, acha hapo. Siku ya kikao inamisha kichwa mbele ya kamera, ukae hivyo kidogo, omba radhi mara moja, kisha ingia kwenye kazi na usiliguse tena. Lakini wakijibu *kento shimasu*, “tutalifikiria”, bila tarehe, hapo mara nyingi wamekataa kwa adabu. Wewe umeshaishiwa uzito. Aandike mkubwa wako, kwa jina lake na cheo chake. Kule mkubwa kuomba radhi kwa kosa la mdogo wake ni jambo la kawaida, na wanapima kosa mmelichukuliaje kwa kuangalia nani ametumwa kuliombea radhi.

*Mwalimu, mimi nimechelewa dakika tatu tu, hukohuko Japani, na bado nilihisi nimeua mtu. Kweli dakika tatu ni kitu?* – Dakika Tatu

Februari 2019 waziri wao wa Olimpiki, Yoshitaka Sakurada, alichelewa dakika tatu kwenye kamati ya bajeti ya bunge. Aliomba radhi hadharani, na wapinzani wakasusia kikao kwa takriban saa tano. Haki isemwe, wapinzani walikuwa na visa vingine naye, dakika zile zilikuwa kijiti cha kuwashia moto. Lakini kijiti kiliwaka. Mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla, tarehe 14 Novemba 2017, kampuni ya reli ya Tsukuba Express iliomba radhi kwa umma kwa sababu treni iliondoka stesheni ya Minami-Nagareyama sekunde 20 kabla ya wakati wake, ingawa hakuna abiria aliyelalamika.

Hata hivyo usiombe radhi ya kikao kilichokosekana kwa dakika tatu. Kwako inatosha kutuma ujumbe kabla saa haijagonga kwamba utachelewa, na ukiingia useme *moshiwake gozaimasen* mara moja. Kinachowaudhi ni kukaa bila taarifa. Dakika tatu zilizotangazwa ni nyepesi kuliko moja ya kimya.

*Habari za kazi mwalimu. Mimi nilikosa simu na mhandisi wa Munich kwa sababu saa zao zilibadilika nisijue. Nikamwandikia ukurasa mzima wa majuto. Akajibu: “Sawa. Alhamisi saa 4?” Basi. Amekasirika?* – Ukurasa Mzima

Hajakasirika hata kidogo. Amesoma ukurasa wako, akatafuta habari tatu, akazipata kwa shida.

Kwanza kosa lenyewe, maana litakurudia. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa wewe ambaye saa zako hazibadiliki, kikao chao kilekile cha kila Jumatatu kinakuja saa moja mapema kuanzia kesho yake ya Machi, na kinarudi saa moja nyuma kwenye saa yake ya zamani kesho yake ya Oktoba. Marekani nao husogeza mapema zaidi, Jumapili ya pili ya Machi, kwa hiyo yapo majuma mawili au matatu ambayo hata Ulaya na Marekani hukosana. Dawa ni kuandika mwaliko kwa saa za Berlin, ambazo ndizo za Munich, ndani ya kalenda, simu ihesabu yenyewe.

Sasa majuto. Kijerumani huomba radhi kwa *Entschuldigung*, na ndani ya neno hilo kuna *Schuld*, kosa. Ukiliweka katika wingi, *Schulden*, ni madeni. Mimi hulitumia kama kumbukumbu: kwao deni hulipwa mara moja, likafutwa. Mtu anayelipa deni lilelile mara saba anatia shaka kwamba kuna jingine kubwa analificha. Kwa mhandisi wako zilitosha sentensi hizi: “Naomba radhi, leo sikuingia kwenye simu yetu ya saa 3. Sikuzingatia mabadiliko ya saa. Mwaliko sasa uko kwa saa za Berlin. Naweza Alhamisi saa 4 au Ijumaa saa 3.” Hapa kutaja siku papo hapo ni heshima, maana unamwondolea kazi ya kupanga. Barua hiyohiyo ukiipeleka Tokyo kwa kosa zito itasikika kavu.

Ila usidhani Wajerumani hawajali. Ukikosa mara ya pili kwa sababu ileile, hakuna radhi itakayokufaa, kwa sababu ulishawaambia umerekebisha.

*Sisi tuna mteja Marekani. Nataka kumwandikia “kosa ni langu lote”, bosi ananikataza, anasema ni kujifunga. Nani yuko sahihi?* – Kati ya Wawili

Kila mmoja wenu nusu. William Maddux na wenzake walichapisha mwaka 2011 utafiti uliolinganisha Wamarekani na Wajapani. Wanafunzi wa Japani waliripoti kuomba radhi kama mara 11 kwa wiki, wa Marekani kati ya 4 na 5. La maana zaidi, Wamarekani waliichukua radhi kuwa kukiri hatia, na Wajapani waliichukua kuwa kuonyesha majuto hata pale mtu hana hatia. Kwa hiyo bosi wako anajua kitu. Lakini kwa mkutano uliokosekana hakuna wa kukushtaki; kukwepa ndiko kutakakokugharimu.

Kiri kilicho chako, na kiishie hapo. “Nilikosa mkutano wetu wa leo. Ni uzembe wangu.” Usiongeze “sisi hatuna utaratibu mzuri”, hapo ndipo unapoanza kuifunga kampuni, na bosi atakuwa na haki ya kukasirika.

*Kuna nchi ambako kosa hili ni dogo kuliko tunavyodhani?* – Natafuta Nafuu

Kuchelewa, ndiyo. Kutofika, sijaiona. Mwanasaikolojia Robert Levine na wenzake waliwauliza wanafunzi wa Brazil na wa California mtu huhesabiwa amechelewa baada ya muda gani. Wa Brazil walitaja wastani wa dakika 33 hivi, wa California 19. Mimi nilishawahi kufika kwa Mbrazili mmoja dakika 20 baada ya saa, nimekariri radhi njia nzima, nikamkuta mwenyeji hajafika. Radhi nikaimeza.

Lakini usipofika kabisa, mpigie mtu mwenyewe, muulize hali yake, mwambie umesikitika kukosa kumwona. Barua yenye vifungu vya kinga kama ile ya Tokyo itamfanya ajiulize umemgeuza ofisi tangu lini.

*Mwalimu, kwa Kiingereza niandike “sori” au kuna zaidi? Mimi kila kitu ni sori.* – Sori Sana

Tatizo lako limetoka nyumbani. Sisi tuna pole na tuna samahani, na Kiingereza kinazitia zote mbili kwenye “sori” moja. Mtu akijikwaa unamwambia pole bila kuwa umemsukuma. Ukimwambia sori Mmarekani aliyejikwaa, atashangaa: kwani ni wewe? Na siku ukikosa kweli, neno limeshachuja. Kwa mkutano uliokosekana tumia neno lao rasmi la kuomba radhi, *I apologize*, kisha taja kosa kwa jina: sikufika, sikutoa taarifa.

Usivuke mpaka upande wa pili pia. Januari 2018 Lord Bates, waziri wa Uingereza, alichelewa dakika chache kujibu swali katika Baraza la Malodi. Aliomba radhi, akasema anajiuzulu papo hapo, akatoka. Wenzake walipiga kelele kumzuia, na ofisi ya waziri mkuu ikakataa kujiuzulu kwake. Kesho yake alikuwa bado waziri.