Meza au stuli kwanza?

"Meza inaniachia 60,000 kwa saa 6 za fundi, stuli 25,000 kwa saa 2. Nianze na ipi?"

Anza na stuli, kwa kuwa kila saa ya fundi huleta mchango wa 12,500 kwenye stuli na 10,000 tu kwenye meza. Ukiwa na saa 120 za fundi na wateja wa kununua stuli 30, stuli hizo zitatumia saa 60, nazo saa zilizobaki zitatoa meza 10, jumla 1,350,000, ilhali meza tupu 20 zingeleta 1,200,000. Kugawa mchango kwa futi za mbao badala ya saa kungekuwa sahihi endapo mbao ndizo zingekuwa haba. Saa na mbao vikiadimika vyote viwili, mpangilio huu peke yake hautoshi.