Eksirei ya mkono kwa mtoto mfupi

"Mwanangu ana miaka 10, mfupi kuliko wenzake. Mkono haujavunjika, eksirei ya nini?"

Habari ndugu. Eksirei hii ni ya kukadiria umri wa mifupa yake, ambao huweza kutofautiana na miaka yake halisi. Hupigwa kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto, kisha picha hulinganishwa na picha za kawaida za watoto wa jinsia hiyo hiyo, umri kwa umri. Kinachotazamwa hasa ni gegedu karibu na ncha za mifupa: huonekana kama mwanya mweusi, na ukishafungika mfupa haurefuki tena.

Mifupa ikisoma miaka 8, bado ana muda wa kurefuka. Huenda atachelewa kubalehe tu, ila daktari anaweza kupima homoni za tezi ya shingo na za ukuaji. Ikisoma 10, aangalie kwanza vimo vyenu wazazi. Tofauti ya mwaka mmoja isikutishe.