Gari ya manyuo inatetemeka ikiondoka

Swali: "Nikiachia klachi gari isogee inatetemeka, ikishatembea inatulia. Shida ni nini?"

— Badilisha klachi pleti, utapona.

— Huenda, lakini usishushe gia boksi kabla ya kukagua mauntingi, zile mpira zinazoshikilia injini. Fungua boneti, mtu avute hendibreki, akanyage breki, aweke gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo tu, kisha ajaribu rivasi. Wewe simama pembeni, si mbele. Injini ikiruka na kugonga, mpira umekatika au nati zimelegea.

Mauntingi zikiwa nzima, ndipo ushushe. Pleti iliyoungua hung'aa kama kioo, kwa kawaida kwa sababu ya kushikilia gari mlimani kwa klachi. Kuipiga msasa ni kupoteza muda. Kagua pia oili sili ya nyuma ya injini, maana ikivuja pleti mpya nayo itatetemeka. Flaiwili yenye madoa ya bluu ilipata joto kali. Pima kwa geji ya mshale. Ikiyumba kupita kipimo cha mtengenezaji, ichongwe au ibadilishwe.

— Yangu hutetemeka nikiwa 80.

— Hiyo si klachi, anza na balansi ya magurudumu.